Namna ya kuiboresha barua ya kuomba kulipwa mapema, mpaka usilipwe

Karibu, ndugu yangu, vuta kiti. Najua kilichokuleta, huna haja ya kunong'ona.

Umeiuzia hoteli moja ya Dar es Salaam kuku wa nyama 1,200, kila mmoja shilingi 8,500, jumla 10,200,000. Walipokelewa Ijumaa tarehe 3 Oktoba, wakapimwa, hati ikasainiwa, na hivi tunavyoongea wameshaliwa hata mifupa haipo. Hela yako inatoka tarehe 17 Novemba, kwa sababu ulisaini mwenyewe mkataba wa siku 45, tena kwa tabasamu. Leo ni katikati ya Oktoba. Banda lako la Kibaha limefagiliwa na liko tupu, wakala wa vifaranga anataka fedha kabla ya kukuandika kwenye orodha, na mwenye duka la chakula cha kuku amebandika ukutani yale maneno yake ya kukopa harusi na kulipa matanga.

Kwa hiyo unataka kuiomba hoteli ikulipe kabla ya siku zake. Sawa. Binti wa dada yako, yule anayekuwekea hesabu, ameshakuandalia barua. Nimeiona. Nainukuu yote, ili tukubaliane kuhusu ukubwa wa tatizo:

"Yah: Ombi la kulipwa sehemu ya ankara namba 118 kabla ya muda. Ankara hii ya shilingi 10,200,000, ya kuku 1,200 mliowapokea tarehe 3 Oktoba, inatakiwa kulipwa tarehe 17 Novemba. Haijachelewa. Tunaomba mtulipe shilingi 4,300,000 katika malipo yenu ya Ijumaa tarehe 24 Oktoba, na salio la 5,900,000 lilipwe kwa tarehe yake. Kwa sasa tumepungukiwa fedha za vifaranga na chakula cha kuanzia cha kuku wenu wa wiki ya tarehe 15 Desemba. Vifaranga vinatakiwa kulipiwa wiki hiyo ya tarehe 24 Oktoba ili viingie bandani tarehe 3 Novemba. Mkikubali, tutawapunguzia asilimia 1 ya kiasi hicho, yaani shilingi 43,000. Akaunti yetu ya benki ni ileile. Ombi hili ni la mara moja. Nitakupigia Jumatatu saa nne asubuhi kujua kama inawezekana. Isipowezekana tutaelewa, na mkataba wetu unabaki ulivyo."

Basi, imeisha. Haina salamu za maana, haina methali, haina hata "changamoto" moja. Barua ya namna hii ina hatari kubwa: mhasibu anaweza kuisoma kwa dakika moja akailipa, na watu wakajua kwamba mzee mzima ulikuwa umeishiwa. Tuiboreshe haraka kabla haijatoka.

Hatua ya kwanza: fukuza namba ya ankara

Kichwa cha habari kiwe kipana. "Yah: Ombi" kinatosha. Ukitaka kukipamba, andika "Yah: Ombi maalumu la ushirikiano." Kisha anza na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu," ili msomaji arudi juu, akakute hakuna kitu, ashuke tena.

Aya nzima ya kwanza itumie kumjulia hali. Mtakie afya yeye, familia yake, wafanyakazi wenzake na taasisi kwa ujumla. Mkumbushe mlipotoka. Mhasibu wa hoteli ana ankara za samaki, mchicha, sabuni, gesi na fundi wa viyoyozi; akipata namba 118 ataiandika kwenye kompyuta na deni lako litatokea pale pale. Ukimnyima namba, itabidi aanze kutafuta jina la kampuni yako, ambalo kwenye oda limeandikwa hivi na kwenye ankara vile. Atasema ataliangalia baada ya chakula cha mchana. Hapo umeshashinda nusu ya safari.

Hatua ya pili: kiasi kiwe siri yako

Huyu binti ametaja 4,300,000. Alizipataje? Alikaa na daftari. Ili hoteli ipate kuku 1,200, unaingiza vifaranga 1,260, maana wachache watakufa, na hilo halina ubishi. Kifaranga kimoja shilingi 1,800, jumla 2,268,000. Chakula cha kuanzia, takriban kilo moja kwa kifaranga, ni mifuko 25 ya kilo 50. Kwa 80,000 kila mfuko unapata 2,000,000. Ukijumlisha ni 4,268,000. Akazungusha juu kidogo, akaacha hapo.

Angalia ujanja uliofichika humo. Hakuomba ankara nzima. Chakula cha kukuzia na kumalizia, ambacho ndicho kingi, hakihitajiki leo. Ile mifuko 25 itawafikisha vifaranga kama wiki mbili na nusu, yaani kutoka tarehe 3 Novemba hadi karibu tarehe 21. Hela ya mkataba inaiva tarehe 17, ambayo ni Jumatatu, na kwa kuwa hoteli hulipa Ijumaa tu, itaingia tarehe 21 hiyo hiyo. Chakula kinaisha, hela inaingia. Pengo lake halisi ni milioni nne na ushei, na ndilo aliloomba lizibwe. Kiasi kama hicho mhasibu anaweza kukipenyeza kwenye malipo ya wiki bila kwenda kupiga magoti kwa mkurugenzi wa fedha.

Hatutaki hayo. Mtu wa hadhi yako haombi milioni nne. Wewe chagua mojawapo kati ya mawili. La kwanza, omba zote 10,200,000 kwa mkupuo, ombi lipande ghorofa tatu kutafuta saini na lisishuke. La pili, ambalo mimi binafsi nalipenda zaidi, usitaje kitu. Andika "chochote kitakachopatikana tutashukuru." Ni maneno ya kiungwana, na yana faida kwamba mhasibu hawezi kuandaa hundi ya chochote.

Hatua ya tatu: sababu

Hapa tulia kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanakosea wakajikuta wamelipwa.

Sababu aliyoitoa binti inamhusu msomaji kuliko inavyokuhusu wewe. Anamwambia mhasibu hivi: kuku wako wa Desemba wanaanza na hela hii. Na hesabu yake haikwepeki. Kuku wa nyama anataka wiki tano na siku chache kufikia uzito ambao jikoni wanautaka. Vifaranga vikiingia tarehe 3 Novemba, kufikia tarehe 11 Desemba wako tayari, na wiki ya tarehe 15 wanapelekwa. Ukisubiri hela ya tarehe 21 Novemba ndipo ulipie vifaranga, hata ukivipata siku hiyo hiyo, wiki tano zinaangukia tarehe 26 Desemba. Hoteli itapokea kuku wakati wageni wa Krismasi wanafunga mabegi. Na msimu huo kuvipata siku hiyo hiyo ni ndoto, kwa sababu kila mwenye banda Pwani nzima anavitaka.

Sasa mhasibu akisoma hivyo, atafanya jambo baya sana: atampigia mpishi mkuu. Mpishi naye atasema lipeni. Ukishakuwa na mpishi upande wako, kushindwa kunakuwa kazi ngumu.

Kwa hiyo futa. Badala yake una njia mbili, na zote zimejaribiwa na wengi.

Njia ya kwanza ni ya ofisini. Andika kwamba "kutokana na changamoto mbalimbali za kimazingira na kiuchumi zinazoikabili sekta, kampuni inapitia kipindi cha mpito katika eneo la ukwasi." Hakuna atakayejua kama umeishiwa au unahamia Dodoma. Heshima yako imebaki mahali pake, na hela imebaki mahali pake.

Njia ya pili ni ya msibani. Toa yote. Eleza ada ya shule, eleza mgonjwa, eleza gari lililoharibika Chalinze, eleza mafundi walioiba saruji. Eleza kwamba benki imekukatalia, kwamba wafanyakazi wawili wameondoka kwa kutolipwa, na kwamba usipopata hela hii hujui kama mwaka utaisha salama. Msomaji atatokwa machozi. Kisha atafuta machozi, ataifungua barua yako mbele ya afisa manunuzi, na afisa manunuzi atafanya kile ambacho afisa manunuzi yeyote mwenye akili hufanya akisikia kwamba mtu anayemtegemea kwa kuku wa Krismasi yuko karibu kufunga banda: atatafuta mfugaji mwingine. Atamtafuta kimyakimya, atampa oda ndogo ya majaribio, na wewe ataendelea kukuita "mzee wetu" kwa upendo uleule.

Kati ya ukungu na kilio kuna ile sentensi kavu ya binti, "kwa sasa tumepungukiwa fedha za vifaranga na chakula cha kuanzia." Inakiri upungufu, inauwekea mipaka, inaonyesha hela inakwenda wapi na inarudi vipi. Ikwepe kabisa.

Hatua ya nne: tarehe

"Mapema iwezekanavyo." Tumalize hapo.

Ila nikudokeze kwa nini yule mtoto alihangaika na Ijumaa na Jumatatu. Ofisi nyingi kubwa hazilipi kila siku. Zina siku ya malipo, na orodha ya wanaolipwa hufungwa siku kadhaa kabla. Hoteli yako inalipa Ijumaa na kufunga orodha Jumanne jioni. Barua ikifika Alhamisi tarehe 16, simu ikapigwa Jumatatu tarehe 20, kuna siku nzima ya kuingizwa kwenye orodha ya tarehe 24. Wewe ipeleke Jumatano tarehe 22, mchana. Utaambiwa kwa masikitiko ya kweli kwamba ungewahi jana tu, mambo yangekuwa mengine. Ni sentensi tamu kuisikia, kwa sababu inaonyesha kwamba kosa ni la kalenda.

Hatua ya tano: punguzo

Mwanamume mkarimu hapunguzi kwa asilimia 1. Anapunguza kwa moyo.

Lakini kwanza tuone binti alivyobana. Kulipwa tarehe 24 Oktoba badala ya tarehe 17 Novemba ni siku 24. Benki ikikukopesha 4,300,000 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, siku 24 zitakugharimu kama shilingi 51,000, ukiacha ada ya fomu na nauli ya kumfuata afisa mikopo. Yeye ametoa 43,000. Yaani ameinunua hela kwa bei ya chini kuliko benki. Hoteli nayo, kwa kuiachia hela yake siku 24 kabla, imepata faida ambayo kwa mwaka mzima ingekuwa zaidi ya asilimia 15. Mhasibu akiipeleka hesabu hiyo kwa mkubwa wake, anaonekana ameokoa fedha za kampuni. Hivyo ndivyo watu wanavyopandishwa vyeo, na wewe unalipwa ukiwa ngazi ya mwenzako. Kweli, baada ya punguzo anapokea 4,257,000, na kwa hesabu ya daftari lake zinapungua 11,000. Hizo amesema atazitoa kwenye hela ya mayai.

Wewe toa asilimia 5, tena ya ankara nzima. Ni shilingi 510,000, umezitupa kwa siku 24. Kwa mwaka ni riba inayopita asilimia 80; si kausha damu bado, ila mnaanza kusalimiana. Na faida ya kwenye ile ankara ilikuwa kiasi gani, hivi? Usijibu, tuko kwenye kuboresha barua. Kuna na faida ya ziada: hoteli ikishajua kwamba kuku wako wanaweza kushuka kwa asilimia 5 bila wewe kuzimia, mkikutana Januari kupanga bei, hapo ndipo mazungumzo yataanzia.

Kama hutaki kutoa kitu, pia vizuri. Kaa kimya kuhusu punguzo, halafu litaje kwa mdomo siku ya malipo, kwa mtu asiyehusika. Na ukilitaja, usitoe hati ya punguzo. Mhasibu anaihitaji ili ile 43,000 isibaki kwenye vitabu ikionekana kama deni ambalo hoteli haijakumalizia. Bila hati, Desemba mtaanza kubishana kuhusu 43,000 kwa barua tatu na kikao.

Hatua ya sita: mkumbushe nani ni nani

Neno "Haijachelewa" litoe mara moja. Binti aliliweka kwa makusudi. Mhasibu yeyote akiona barua ya mtu anayedai, mabega yanapanda, anaanza kutafuta sababu za kujitetea. Akiambiwa hajakosea, mabega yanashuka, anasoma hadi mwisho.

Yapandishe mabega. Andika "licha ya kwamba mzigo wetu mliupokea na kuutumia, hadi leo hatujaona malipo." Kila neno humo ni la kweli, na barua nzima sasa imekuwa ya uongo. Mhasibu atafungua mkataba, atasoma siku 45, atahesabu kwa vidole, na atakujibu kwa barua fupi yenye adabu kali kwamba kwa mujibu wa makubaliano malipo yako yataiva tarehe 17 Novemba. Hapo umemlazimisha kuandika "hapana" kwa maandishi, na mtu akishaandika hapana kwa maandishi haibadilishi kirahisi, hata akikuonea huruma.

Na ile "ombi hili ni la mara moja" itoe pia. Mwache ajiulize kama kila mwezi atakuwa anapokea shairi kama hili.

Hatua ya saba: badilisha akaunti

Hii ni ya mabingwa. Chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo, ongeza: "Tafadhali zingatia kuwa malipo haya yafanyike kupitia akaunti yetu mpya." Weka namba ya benki nyingine, ikiwezekana kwa jina lako binafsi au la shemeji.

Labda una sababu nzuri. Labda akaunti ya zamani ina mkopo, na kila kinachoingia benki inakikata. Usimweleze. Mhasibu amefundishwa kitu kimoja kuhusu barua zinazoomba malipo ya haraka na hapo hapo zinabadilisha akaunti: ni alama ya matapeli. Wanaingia kwenye barua pepe ya mwenye mzigo, wanaandika kwa adabu kwamba fedha zinahitajika haraka na benki imebadilika, na hela ikishatoka hairudi. Kwa hiyo mhasibu mwangalifu hatalipa. Atasimamisha. Atapiga simu kwenye namba ya zamani iliyoko kwenye faili, ambayo wewe uliibadilisha mwaka juzi bila kumwambia mtu. Ikikosa kupatikana, ankara yako yote itawekwa alama ya kuzuiwa, na hata tarehe 17 Novemba itapita ikiangalia tu.

Umeona uzuri wake? Hatua nyingine zinakunyima malipo ya mapema. Hii peke yake inakunyima na yale ya kawaida.

Kama kweli unabadilisha benki, wenye akili huifanya siku nyingine kabisa, kwa barua yake yenyewe yenye saini na mhuri, wakaenda nayo hadi ofisini, wakaonana na mtu ana kwa ana. Nakwambia tu ujue wenzako wanavyopoteza muda.

Hatua ya nane: ifike kwa wengi

Barua ya binti iliandikwa kwa mtu mmoja, mhasibu anayeshughulikia malipo ya wauzaji, na nakala kwa afisa manunuzi aliyetoa oda. Inakosa ukubwa. Wewe iandike kwa Mkurugenzi Mkuu, na chini weka "Nakala kwa:" ikifuatiwa na meneja mkuu, mkurugenzi wa fedha, mpishi mkuu, rasilimali watu, na yule mzee wa ulinzi anayekufungulia geti, maana naye mmezoeana. Kila mmoja ataamini kwamba mwingine anaishughulikia. Mhasibu ataipata baada ya wiki, ikiwa na maandishi ya pembeni "tafadhali shauri," na atajua kwamba umempita juu ya kichwa.

Ichape, igonge mhuri, ipige picha kwa simu ikiwa imelala kwenye meza yenye kivuli cha mkono wako, kisha itume WhatsApp. Picha ikatike pale penye kiasi, kama kwa bahati mbaya kiasi bado kimo.

Hatua ya tisa: baada ya kutuma

Usipige simu. Binti ameandika "nitakupigia Jumatatu saa nne," na hiyo ni kujidhalilisha. Anayetaka kukulipa anajua ulipo. Au, kama damu yako ni ya moto, piga kila baada ya saa mbili kuanzia Jumamosi, umsalimie, umuulize watoto, halafu useme "nilikuwa nakusalimia tu." Matokeo ni yaleyale.

Wakati huo huo wakala wa vifaranga asiambiwe chochote. Kuna watu humpelekea kiasi kidogo awashikie nafasi, wakamwambia wazi kwamba zilizobaki zinakuja tarehe 24 zikikubaliwa, na zikikataliwa watapunguza idadi. Na kuna wanaomweleza afisa manunuzi mapema kwamba hela isipotoka mapema, Desemba wataleta kuku 500 badala ya 1,200, ili ajipange. Hao ndio wanaoitwa tena mwaka unaofuata, na kuitwaitwa nako ni usumbufu.

Ukizifuata hatua hizi zote, mimi sina wasiwasi nawe. Isipokuwa jambo moja ambalo sina dawa yake: mhasibu mwenyewe anaweza kukupigia. Wapo wa namna hiyo. Atasema, "Shikamoo mzee. Nimeona barua yako, ila sijaelewa vizuri. Ni ankara namba ngapi, unahitaji kiasi gani, na mwisho lini?"

Hapo kohoa. Mwambie mtandao unasumbua. Akirudia swali mara ya pili kwa upole uleule, basi ndugu yangu, huyo anataka kukulipa na hatuna la kumfanya. Mwambie ni namba 118, milioni nne na laki tatu, Ijumaa tarehe 24, akaunti ileile. Na hati ya punguzo mpelekee kabla ya Jumanne jioni.